Kijana alisema "wa field tu", darasa likalipuka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili, nasomea shahada ya ualimu. Nipo kwenye mafunzo kwa vitendo katika sekondari moja ya kata huku Kanda ya Ziwa, na kati ya wiki nane zimebaki mbili. Nafundisha Hisabati kidato cha pili, mkondo B, wanafunzi 71.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa na vipindi viwili vya mwisho. Nilifundisha kutafuta vigawo vya x² + 5x + 6. Nikafanya mfano mmoja ubaoni, kisha nikageuka kuandika zoezi la maswali kumi. Kelele zikaanza nyuma. Nikasikia mtu anasema, "Hiyo mbili na tatu zimetoka wapi?" na wenzake wakacheka. Nilipogeuka nikamwona kijana wa dawati la mwisho ambaye siku zote ni mkorofi. Nikamwambia kwa Kiingereza aje ubaoni afanye swali la kwanza. Akanijibu kwa dharau kwamba hajui. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akasema, "Kwani wewe mwalimu? Si wa field tu." Darasa zima likalipuka. Nikamwamuru atoke nje, akatoka taratibu huku akigonga meza za wenzake.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa anapita. Akamrudisha ndani, akawaita na wenzake watatu, akawachapa fimbo sita kila mmoja mbele ya darasa. Mimi nilikuwa nimesimama na chaki mkononi. Sikusema neno. Tangu siku ile darasa liko kimya, na yule kijana haingii kipindi changu.

Sasa chuo kinataka uchambuzi wa tukio moja lililotugusa, maneno 1,500. Nimefuata hatua sita tulizofundishwa: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango. Msimamizi aliyekuja kunikagua aliipitia rasimu, akaandika pembeni: "Umesimulia vizuri. Uchambuzi uko wapi?" Kwenye mpango nilikuwa nimeandika kwamba nitajiandaa zaidi na nitakuwa na msimamo. Kuhusu viboko niliandika tu kwamba "mwalimu wa nidhamu alisaidia kurejesha utulivu", maana ndiye atakayenijazia fomu ya mwenendo.

Roho inanisuta, Shangazi. Niandike yote? Nibadilishe tukio? Na huyu kijana nimfanyeje?

Mwalimu wa mazoezi

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kusimama mbele ya vijana 71 ukasikia unaambiwa wewe si mwalimu ni jambo linalouma, na linauma zaidi unapokwenda kulala. Mimi nimefundisha Hisabati kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka mingi, nimewapokea walimu wa mazoezi shuleni kwangu mara nyingi, na barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona kama wewe: tukio ni yale maneno ya kijana. Mara ya pili jicho langu likanasa mahali pengine.

"Hiyo mbili na tatu zimetoka wapi?"

Umeyaandika maneno hayo kama sehemu ya kelele. Hebu yaweke peke yake kwenye karatasi uyatazame. Ulikuwa na x² + 5x + 6. Kama umefundisha kama wengi wetu tulivyofundishwa, uliandika chini yake x² + 2x + 3x + 6, ukaweka mabano, ukamaliza na (x + 2)(x + 3). Kwako 5x kugeuka 2x na 3x ni jambo la kawaida kama kupumua. Kwa mtoto anayeliona mara ya kwanza, mbili na tatu zimeshuka kutoka hewani. Lazima mtu amwambie kwamba tunatafuta namba mbili ambazo ukizijumlisha unapata 5 na ukizizidisha unapata 6, kisha amwache ajaribu 1 na 6, aone zinakataa kwa sababu jumla yake ni 7, ndipo afike kwenye 2 na 3. Je, hatua hiyo uliisema? Uliisema kwa Kiingereza peke yake? Uliisema ukiwa umeelekea ubaoni?

Sisemi kijana hakuwa anakukejeli. Huenda alikuwa anakukejeli. Huenda alikuwa anauliza kweli na wenzake wakacheka kwa sababu na wao hawakuelewa. Huenda hata si yeye aliyesema, maana kwa maelezo yako ulisikia sauti kwanza, ukageuka, kisha ukamwona yeye. Kati ya kusikia na kumwona kuna nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo ulikuwa tayari umeshajua nani mkosaji. Hapo ndipo msimamizi wako alikuwa anauliza uchambuzi uko wapi.

Nikueleze kidogo njia hii ya kazi inatoka wapi, itakusaidia. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani John Flanagan aliandika makala kuhusu namna ya kuchambua matukio muhimu. Ilikuwa imekua kutokana na kazi ya kuchagua na kufundisha marubani wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alichotaka kutoka kwa watu ni kile hasa mtu alichofanya katika tukio moja, na kilichofuata. Maoni ya jumla, kama vile "rubani huyu hana umakini", hayakumfaa, kwa sababu hayamwonyeshi mtu nini kibadilike. Walimu walipoichukua njia hiyo waliongeza jambo moja: tukio halihitaji kuwa kubwa. Linakuwa muhimu kwa sababu ukilichimba linakuonyesha kitu ambacho umekuwa ukikifanya kila siku bila kukiona.

Sasa chukua sentensi yako, "Akanijibu kwa dharau kwamba hajui," uipitishe humo. Dharau ilionekana wapi? Alibaki amekaa? Alitazama dirishani? Alitabasamu? Au alisema tu, "Mwalimu, mimi sijui," na wewe, moyo ukiwa umeshapanda, ukasikia dharau? Kama alisema hajui, na kweli hakujua, basi jibu lake lilikuwa la kweli. Fanya hivyo hivyo na "siku zote ni mkorofi". Katika wiki sita, umeandika wapi ukorofi wake? Mara ngapi, siku zipi, katika mada zipi? Inawezekana ukipekua utapata mara nyingi. Inawezekana pia utapata mara mbili, na zilizobaki ni sifa uliyopewa ofisini siku ya kwanza ulipokabidhiwa darasa. Sisi walimu tunarithishana majina ya watoto pamoja na funguo za kabati.

Kuna ushahidi mmoja unaoweza kuupata bila kumuuliza mtu: daftari lake. Tafuta zoezi la kufungua mabano mlilofanya kabla ya mada hii. Ukikuta amezidisha (x + 2)(x + 3) akapata x² + 3x + 2x + 6, kisha x² + 5x + 6, basi kijana huyu anajua kwenda mbele, kilichomshinda ni kurudi nyuma, na swali lake Jumanne lilikuwa ndilo hasa la mada. Ukikuta hata kuzidisha kumemshinda, basi ulimwita ubaoni mbele ya watu 70 kufanya kitu ambacho alishajua hakiwezi, na tungojee afanye nini? Kijana wa umri ule akichagua kati ya kuonekana mjinga na kuonekana mkorofi, mara nyingi atachagua ukorofi. Na ukikuta daftari limejaa vyema, umebaki na swali jingine kabisa. Vyovyote itakavyokuwa, utakuwa na kitu cha kuchambua zaidi ya hisia zako.

Ukiwa na daftari hilo mezani, chukua karatasi uigawe kati kwa mstari. Upande wa kushoto andika yaliyotokea, dakika kwa dakika, kwa maneno ambayo mtu mwenye kamera angeyaandika. Upande wa kulia andika ulichofikiri wakati huo. Usianzie kwenye kelele, anzia pale ulipoweka chaki chini baada ya mfano. Maswali kumi ubaoni kwa hati inayosomeka kutoka dawati la mwisho, mimi nayahesabu kama dakika sita au saba za mgongo. Dakika sita hizo darasa lilikuwa linafanya nini? Waliomaliza kunakili mfano walikuwa na nini mkononi?

Jambo hili lina utafiti wake. Mmarekani mwingine, Jacob Kounin, alitoa kitabu mwaka 1970 baada ya kurekodi vipindi darasani kwa video. Alitaka kujua mwalimu mwenye darasa tulivu anakemea vipi tofauti na yule mwenye darasa la vurugu. Akakuta kwamba namna ya kukemea haikueleza tofauti hiyo. Walichotofautiana ni kilichokuja kabla: mwalimu wa darasa tulivu alionekana kwa wanafunzi kuwa anajua kinachoendelea kila kona, na somo lake halikuwa na mapengo ya watu kukaa bila kazi. Kounin pia aliangalia jinsi kumkemea mmoja kunavyosambaa kwa wengine ambao hawajaguswa. Kwako kulisambaa mara mbili: kwanza kicheko, kisha huu ukimya wa sasa.

Ukimya huo nao uulize. Kabla ya Jumanne ile, kwa kipindi kimoja ulikuwa unaulizwa maswali mangapi? Wiki hii umeulizwa mangapi? Kama yalikuwa manne na sasa hakuna hata moja, sentensi yako kwamba mwalimu wa nidhamu "alisaidia kurejesha utulivu" inasema kitu ambacho wewe mwenyewe hukioni darasani.

Ukimaliza karatasi hiyo, jiulize "kwa nini" na usiridhike na jibu la kwanza. Kwa nini kelele zilianza? Kwa sababu niligeuka. Kwa nini niligeuka muda mrefu? Kwa sababu vitabu havitoshi, zoezi lazima liandikwe ubaoni. Kwa nini halikuandikwa kwenye karatasi ya bango tangu jana? Hapo labda utapata jibu la uchovu, labda la fedha za bango. Lakini kuna tawi jingine: kwa nini niliposikia "zimetoka wapi" sikulijibu lile swali? Ukilifuata tawi hilo kwa uaminifu, nadhani utafika kwenye imani ambayo hukuwahi kuiandika kwenye andalio la somo lolote. Labda ni kwamba mwalimu akiulizwa jambo ambalo hakujiandaa nalo, heshima yake inashuka. Labda ni kwamba kumwita mtoto ubaoni ni namna ya kumnyamazisha. Sijui yako ni ipi. Ukifika mahali ambapo jibu linalofuata ni "kwa sababu ndivyo ninavyoamini", simama. Aya hiyo ndiyo kiini cha maneno yako 1,500, na zile hatua sita zitakaa zenyewe kuizunguka. Kosa la rasimu nyingi ninazosoma ni kuzipa hatua zote sita nafasi sawa kama visanduku vya fomu, wakati maelezo yanatosha ukurasa mmoja na uchambuzi unahitaji miwili.

Lile neno "wa field tu" nalo liguse. Lilichoma kwa sababu nusu yake ni kweli. Upo hapo wiki nane, darasa lina mwalimu wake, na watoto wanajua. Ungeweza kuandika kwa nini ukweli huo ulikutoa darasani kimawazo, hata ukamtoa kijana nje.

Sasa viboko. Hapa nakwenda taratibu, maana wewe ndiye utakayebeba matokeo, si mimi. Unapaswa kujua kanuni ili ujue unachokiandika: kwa kanuni za mwaka 2002, kiboko katika shule zetu hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sita kila mmoja, papo hapo, ni nje ya hapo. Huenda wewe hukuijua hesabu hiyo siku ile, na hilo nalo ni la kuandika.

Unaweza kuandika yote kama yalivyotokea. Uchambuzi wako utakuwa na uzito, hasa ukichambua kunyamaza kwako na chaki mkononi badala ya kumhukumu yule mwalimu. Hatari ni kwamba hata usipotaja shule wala jina, msimamizi anajua ulipo, na shuleni mwalimu wa nidhamu ni mmoja. Kabla hujaandika, muulize msimamizi wako ana kwa ana: nani atalisoma jalada hili, na litahifadhiwa wapi? Muulize pia akisoma jambo la adhabu iliyozidi atalazimika kulipeleka mbele au la. Jibu lake linaweza kubadilisha kila kitu.

Unaweza kuliwekea tukio mpaka. Uchambuzi wa tukio moja unaruhusu kusema: tukio langu linaanzia kwenye mfano ubaoni na linaishia kwenye neno "toka nje", baada ya hapo wanafunzi wanne waliadhibiwa na mwalimu mwingine, na hilo silichambui hapa. Hujasema uongo, hujamsifia mtu kwa jambo ambalo hukulikubali. Ila utakuwa umeacha nje kile kinachokusuta. Fomu itajazwa vizuri, na wewe je?

Unaweza pia kubadilisha tukio, chuo hakikukatazi. Watu wengine hufanya hivyo kwa sababu jeraha bado ni bichi, na sidhani ni woga. Nikuulize tu: katika tukio jipya hutakutana na zile dakika sita za mgongo na swali lisilojibiwa?

Ipo na njia ya kumfuata mwalimu wa nidhamu mwenyewe, faragha, kama mdogo anayejifunza kwa mkubwa: "Mwalimu, siku ile nilishindwa darasa. Ningependa kujua wewe ungeanzaje." Sina hakika itazaa nini. Wapo watakaokueleza mengi ya miaka yao, wapo watakaoona unawachunguza. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu.

Huyu kijana ndiye anayenikosesha raha zaidi, kwa sababu karatasi yako inaweza kungoja, yeye Novemba ana upimaji wa taifa wa kidato cha pili na hesabu zinampita kila siku. Ukimfuata, usimwite ofisini ambako walimu wengine wamekaa na fimbo ziko kona. Veranda, mahali mnapoonekana na watu bila kusikika, panatosha. Unaweza kuanza na lile swali: "Jumanne kuna mtu aliuliza mbili na tatu zimetoka wapi. Sikulijibu. Nataka kulijibu." Ukaandika 5 na 6 kwenye karatasi, ukamwachia kalamu. Kumwomba msamaha kwa kumtoa nje ni uamuzi wako. Kuna watakaokuambia mwalimu haombi msamaha kwa mwanafunzi, na nimewahi kuona mtoto akipata msamaha wa mwalimu akausambaza darasa zima kama ushindi. Nimeona pia mtoto akirudi dawatini kesho yake, daftari mkononi, bila neno. Na inawezekana asitake kabisa kuongea nawe. Hapo kiranja au mwalimu wa darasa anaweza kumpelekea zoezi, ili asikose somo kwa sababu ya jambo lenu wawili.

Kuhusu mpango wa baadaye, "nitajiandaa zaidi" hakuna mtu anayeweza kukikagua, hata wewe. Una wiki mbili na bila shaka una mkondo mwingine au mwenzako wa mazoezi. Mwombe akae dawati la nyuma kipindi kimoja na saa yake, aandike kila unapogeukia ubao na unapogeuka tena, na kila swali la mwanafunzi pamoja na ulichofanya nalo. Kipindi kinachofuata akae tena na saa yake, lakini safari hii zoezi liwe kwenye bango, na baada ya mfano wape dakika mbili waelezane wawili wawili kwa Kiswahili namba zimetoka wapi, kisha mmoja aseme kwa Kiingereza. Kama shule yenu inaadhibu Kiswahili darasani, mwombe kwanza ruhusa mwalimu wa somo. Halafu linganisheni karatasi mbili za mwenzako. Zikionyesha tofauti, umepata aya ya mwisho ya uchambuzi. Zisipoonyesha, umepata aya nzuri zaidi, maana itabidi urudi kwenye karatasi yako yenye mstari katikati uone ni "kwa nini" ipi uliiacha mapema.

Anza na daftari lake, mwanangu. Kama haji darasani, huenda liko kwenye lundo la yale uliyokusanya kusahihisha wiki iliyotangulia.

Shangazi